Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukagua jibu la usanisinuru na kuona panapokosekana sababu na matokeo

Sentensi zote za jibu ni za kweli. Kwa nini mwalimu amekata alama?

Kwa sababu swali lilisema "eleza", na mwanafunzi ametaja. Tazama jibu hili, la aina ninayokutana nayo kila ninaposahihisha, kwa swali "Eleza jinsi jani linavyotengeneza chakula":

> Mizizi hufyonza maji kutoka kwenye udongo. Majani huchukua kabonidayoksaidi kutoka hewani. Klorofili hufyonza mwanga wa jua. Glukosi hutengenezwa. Oksijeni hutolewa nje. Mmea hukua.

Humo hamna uongo hata sentensi moja. Lakini fuatilia kinachotokea. Maji yamefyonzwa na mzizi, yakaishia hapo hapo. Mwanga umefyonzwa na klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, haukupewa kazi yoyote. Halafu glukosi, ambayo ni sukari, imechomoza katikati ya jibu kama mgeni asiyebisha hodi. Msomaji asiyejua usanisinuru akimaliza kusoma, bado hajui mwanga una uhusiano gani na sukari, na hilo ndilo aliloulizwa mwanafunzi. Jibu hili nitalirudia mara kwa mara hapa chini, tuliite "jibu la sentensi sita".

Kuna njia ya haraka ya kuona kwamba kiungo hakipo?

Ninayoitumia mimi ni kutafuta maneno yatima. Chukua penseli, pigia mstari kila kitu kilichotajwa kwenye jibu: maji, kabonidayoksaidi, klorofili, mwanga, glukosi, oksijeni. Kisha uliza kila kimoja: umetajwa tena mahali pengine? Kwenye jibu la sentensi sita, hakuna kilichotajwa mara mbili. Kila kitu kimezaliwa kwenye sentensi yake na kimefia humo. Kwenye maelezo yenye viungo, kitu kinachotoka hatua ya kwanza hupokelewa na hatua ya pili, kama kijiti cha mbio za kupokezana. Maji yakitajwa mwanzoni lazima tuyakute tena yakipasuliwa. Haidrojeni ikitoka kwenye maji lazima tuikute tena ikiingia kwenye sukari.

Njia nyingine ni kuchanganya. Andika kila sentensi kwenye kikaratasi, zichanganye, zisome upya. Jibu likisomeka vilevile, sentensi hazishikani. Tahadhari moja tu: si kila kubadilishana nafasi ni kosa. Maji, kabonidayoksaidi na mwanga ni mahitaji matatu yanayofika kwenye jani kila kimoja kwa njia yake, kwa hiyo ukianza na hewa au na maji ni sawa. Lakini "oksijeni hutolewa" ikiweza kutangulia "klorofili hufyonza mwanga" bila msomaji kushtuka, hapo pana shimo.

Nianze kukagua juu au chini?

Chini. Ukianza juu unasoma kama aliyeandika, na akili yako inajaza mapengo bila wewe kujua, maana somo unalijua. Ukianza mwisho unalazimika kuuliza "hiki kimetoka wapi?" kila unaporudi hatua moja nyuma.

Tufanye hivyo. "Mmea hukua." Kwa nini? Jibu halisemi. Ukuaji ni mmea kuongeza mwili, na mwili huo umetengenezwa kwa kitu. Sehemu ya glukosi hugeuzwa kuwa selulosi, inayojenga kuta za seli mpya. Sehemu nyingine huvunjwa wakati wa upumuaji wa seli na kutoa nishati ya kufanya ujenzi huo. Bila sentensi ya namna hii, glukosi na ukuaji ni majirani wasiosalimiana.

"Oksijeni hutolewa nje." Imetoka wapi? Hapa kimya kabisa. Ilipaswa kuwa imetajwa tayari kama kinachobaki maji yanapopasuliwa. Na inatoka kwa nini? Mchana, jani likiwa kazini, oksijeni huwa nyingi ndani kuliko nje, hivyo husambaa kuelekea kwenye uchache wake kupitia stomata, yale matundu madogo ya jani.

"Glukosi hutengenezwa." Kwa kutumia nini, na nini kimesukuma kazi hiyo? Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Viungo viwili vimerukwa: nishati ya mwanga iliyonaswa na klorofili hupasua maji na kutoa haidrojeni, haidrojeni hiyo, kwa msaada wa nishati hiyohiyo, huunganishwa na kabonidayoksaidi kuwa sukari. Ningekuwa na nafasi ya kumrekebisha mwanafunzi mahali pamoja tu, ningechagua hapa.

"Klorofili hufyonza mwanga." Sawa, huu ni mwanzo wa mnyororo, hauhitaji sababu nyuma yake kwa ngazi hii.

"Majani huchukua kabonidayoksaidi." Huchukuaje? Jani halina mapafu ya kuvuta hewa. Gesi hii huingia kwa kusambaa, kwa sababu ndani ya jani imepungua kuliko nje. Na imepungua kwa kuwa inatumiwa kutengeneza sukari. Hapa mnyororo unapinda: hatua ya mbele ndiyo inayosababisha ya nyuma iendelee. Wanafunzi wachache huliona, na wanaoliona huwa wameelewa kweli.

"Mizizi hufyonza maji." Na yamefikaje kwenye jani? Hupanda kupitia mirija ya zailemu, yakivutwa kutoka juu jani linapopoteza mvuke.

Naomba kuona jibu hilo likiwa limeungwa.

Hili hapa, bila kuongeza istilahi nyingi:

> Maji yanayofyonzwa na mizizi hupanda kwenye mirija ya zailemu hadi kwenye majani, kwa sababu majani yanapopoteza mvuke huyavuta kutoka juu. Kabonidayoksaidi husambaa na kuingia kupitia stomata, kwa kuwa ndani ya jani ni chache kuliko nje. Klorofili hunasa nishati ya mwanga, na nishati hiyo hupasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni, kwa kutumia nishati iliyonaswa, huunganishwa na kabonidayoksaidi na kuwa glukosi. Oksijeni iliyobaki maji yalipopasuliwa huwa nyingi ndani kuliko nje, hivyo husambaa kutoka kwenye jani. Glukosi nayo hutumika kutengeneza selulosi ya seli mpya, na kwa hiyo mmea hukua.

Rudia zoezi la maneno yatima. Maji yanaonekana kwenye sentensi tatu, haidrojeni kwenye mbili, glukosi kwenye mbili. Jibu bado lina sentensi sita. Limerefuka, ila kilichoongezeka ni viungo. Habari mpya ni chache sana.

Mwanangu ametumia "kisha" na "halafu" kila mahali. Hivyo si viungo?

Ni viungo vya wakati. Vinasema lipi lilitangulia, havisemi lipi lilileta lingine. Jogoo huwika kisha jua huchomoza.

Kiswahili kina mtego hapa ambao walimu wa sayansi tunausahau. Kiambishi *-ka-* cha masimulizi ni kitamu mno: "maji yakapanda, mwanga ukafika, klorofili ikaufyonza, sukari ikatengenezwa." Sikio linaridhika kwa sababu hadithi inakwenda. Ila *-ka-* huunganisha tukio na tukio kwa kufuatana tu. Sungura akaenda, fisi akamfuata. Hatujui kama fisi alikuwa na njaa au na deni. Ukiona jibu la sayansi limejaa *-ka-*, simama kila penye kiambishi hicho ujaribu kuweka "na kwa sababu hiyo". Pale sentensi inapokataa, ama kiungo kimerukwa, ama hakikuwahi kuwapo.

*Hu-* ya mazoea nayo ina lake. "Klorofili hufyonza mwanga" ni kauli ya jumla inayojitosheleza, imesimama peke yake kama methali, haidai jirani. Siikatai, nimeitumia kwenye jibu langu hapo juu. Ila ikifuatana mara sita bila "kwa sababu" wala "hivyo", jua ni orodha iliyovaa kanzu ya maelezo.

Mtego wa tatu ni kauli ya kutendwa. "Glukosi hutengenezwa." Na nani? Kwa kutumia nini? Kiambishi *-w-* kinamruhusu mwandishi kumficha mtendaji, na mara nyingi amemficha kwa kuwa hamjui. Mbinu yangu ni kumwambia mwanafunzi aigeuze sentensi iwe kauli ya kutenda. Akishindwa kumpata wa kuweka mwanzoni, pengo limeonekana.

Na neno "ili" je? Naliona sana.

"Stomata hufunguka ili kabonidayoksaidi iingie." Sentensi hii inasema faida ya kufunguka, haisemi kilichofungua. Jani halina nia. Kinachotokea ni kwamba mwanga ukiangaza seli linzi, zile mbili zinazozunguka kila tundu, seli hizo huingiza ayoni za potasiamu, maji huzifuata kwa osmosisi, seli zinavimba, na kwa kuwa ukuta wa upande wa tundu ni mnene na hautanuki kama wa upande wa nje, seli hupinda na tundu linaachama. Kila kipande kimesukumwa na kilichotangulia.

Siwakatazi wanafunzi kutumia "ili". Darasa la sita inatosha. Lakini swali likiuliza "stomata hufungukaje", jibu la "ili" ni sawa na kuulizwa mlango umefunguliwaje ukajibu "ili wageni waingie".

Inawezekana kiungo kikawapo na kikawa cha uongo?

Ndiyo, na ni vigumu kukiona kuliko kilichokosekana, kwa sababu neno "kwa hiyo" hutuliza macho ya msahihishaji. Mfano maarufu: "Mmea huchukua kabonidayoksaidi na kubaki na kaboni, kwa hiyo oksijeni hutolewa nje." Inaeleweka na inapendeza, nayo si kweli. Oksijeni inayotoka hutokana na maji. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen, huko Kalifornia, walitumia oksijeni nzito kama alama. Walipoiweka kwenye maji, ilionekana kwenye gesi iliyotoka. Alama ilipokuwa kwenye upande wa kabonidayoksaidi, gesi iliyotoka haikuifuata.

Mlinganyo ambao wanafunzi hukariri hauwasaidii hapa:

```
6CO2 + 6H2O → C6H12O6 + 6O2
```

Unaonyesha vilivyoingia na vilivyotoka, kama risiti ya dukani. Hauonyeshi kipi kimetoka kwenye kipi. Mwanafunzi anayejenga viungo vyake kwa kuutazama mlinganyo atakisia, na mara nyingi atakisia kabonidayoksaidi, maana jina lake lenyewe lina "oksaidi".

Kosa la namna hii si la watoto tu. Jan Baptist van Helmont, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1648 baada ya kufa kwake, alipanda mti wa mwerebi kwenye udongo alioupima, akaumwagilia miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70, udongo ukapungua gramu kama 57 tu. Akahitimisha: kwa hiyo mti umetokana na maji. Vipimo vyake vilikuwa vizuri na hoja dhidi ya udongo ilikuwa nzito. Kilichovunjika ni ile "kwa hiyo" ya mwisho, kwa sababu hewa hakuiweka kwenye hesabu.

Namna ya kukipima kiungo ni kuuliza: nikiondoa sababu hii, tokeo lingekosekana kweli? Na kuna kitu kingine kilichokuwapo ambacho kingeweza kulileta?

Swali la jaribio la giza linawashinda wengi. Kiungo gani hurukwa?

Jaribio lenyewe: mche wa kwenye chungu huwekwa gizani saa 48. Jani moja huchumwa, huchovywa kwenye maji yanayochemka, kisha huwekwa kwenye spiriti iliyo ndani ya bika la maji ya moto hadi rangi ya kijani iishe, husuuzwa, na hudondoshewa ayodini. Ayodini hugeuka bluu iliyokoza penye wanga, yaani glukosi iliyowekwa akiba; kwenye jani hili inabaki na rangi yake ya kahawia. Jani la mche uliokuwa juani linakuwa bluu iliyokoza karibu na nyeusi. Eleza tofauti.

Jibu la kawaida: "Gizani hakuna mwanga, kwa hiyo hakuna usanisinuru, kwa hiyo hakuna wanga." Lina "kwa hiyo" mbili, linaonekana limekamilika. Nimewahi kulipa alama zote kwa miaka, hadi siku moja msichana wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, ule wanga wa juzi, kabla hatujauweka mche kabatini, ulienda wapi?" Nilibaki na chaki mkononi.

Alikuwa sahihi. Kukosa mwanga kunaeleza kwa nini wanga *mpya* haukutengenezwa. Hakuelezi kwa nini wa zamani haupo. Mche uliingia gizani ukiwa na akiba kwenye majani. Kiungo kilichorukwa ni hiki: gizani seli zinaendelea kupumua na sehemu nyingine za mmea zinaendelea kuhitaji sukari, kwa hiyo wanga ulio kwenye jani huvunjwa kuwa sukari, ambayo sehemu yake hutumika pale pale na nyingine husafirishwa. Akiba inapungua, hakuna kinachoijaza, mwisho inaisha. Ndiyo maana tunasubiri saa 48, hatupimi baada ya nusu saa. Bila kiungo hicho, muda wa kusubiri hauna maelezo kabisa.

Kutoka hapo nimejifunza kuuliza swali la akiba kwenye kila jibu linalosema kitu "hakipo": hakikutengenezwa, au kilikuwapo kikaondoka, au yote mawili?

Viungo viende kina gani? Ukiendelea kuuliza "kwa nini" huishii kwenye atomu?

Unaishia huko, ndiyo, kwa hiyo lazima uwekwe mpaka. Kanuni ninayowapa wanafunzi: shuka ngazi moja chini ya swali, basi. Darasa la sita, "mwanga hulipa jani nishati ya kuunganisha maji na hewa kuwa sukari" ni kiungo halali. Kidato cha pili atataja maji kupasuliwa. Kidato cha tano na cha sita atasema nishati ya mwanga husukuma elektroni, zikazalishwa ATP na NADPH, molekuli zinazobeba nishati, kwenye thailakoidi, na hizo ndizo zinazotumika kwenye stroma kujenga sukari. Huyu wa mwisho akiandika tu "ATP na NADPH huzalishwa" bila kusema zinakwenda kufanya nini, amerudi kwenye jibu la sentensi sita, ila kwa maneno ya gharama.

Tunafanya mtihani kwa Kiingereza. Mbinu hizi za Kiswahili zinatufaa?

Zinafaa kwenye rasimu. Mwelekeze mwanafunzi amweleze mwenzake hatua zote kwa Kiswahili kwanza, mwenzake akimkatiza kwa "kwa nini?" na "ikawaje?". Atakapokwama ndipo penye pengo la sayansi. Asipokwama kwa Kiswahili lakini akaandika orodha kwa Kiingereza, tatizo lake ni maneno ya kuungia, na hilo ni dogo. Ukimsahihisha kwenye karatasi tu huwezi kutofautisha magonjwa haya mawili.

Mimi ni mzazi, biolojia niliiacha zamani. Naweza kumkagua mtoto?

Unaweza, na kutojua kwako ni faida, maana huwezi kumjazia mapengo. Mwambie akusomee jibu sentensi moja moja huku ukiendelea na kazi zako. Baada ya kila sentensi shika kitu kimoja alichokitaja na ukiulizie. Amesema mizizi imefyonza maji: "Haya, maji yakaenda wapi?" Amesema klorofili imefyonza mwanga: "Huo mwanga ukafanya nini?" Akijibu "ukatengeneza chakula", usimwachie hapo; mwulize chakula kimetengenezwa kwa *nini*, maana mwanga haushikiki wala hauliki. Akianza kupekua daftari, nyote wawili mmeshajua ni wapi pa kuongeza sentensi.